Kalenda ya posti za Juni 2024: da Zai, mtunza vitabu wa maduka, Mbagala

Da Zai shikamoo. Hii ndo kalenda ya kuanzia Jumatatu tarehe 3 mpaka Jumapili tarehe 30, maneno ya posti nimeyaandika kabisa, wewe ni kukopi na kubandika tu, ila video lazima useme kwa mdomo wako usisome, watu wanajua mtu anayesoma.

Kabla ya posti zenyewe naomba tukubaliane hili maana kalenda nzima imesimama hapo. Mwenye duka hanunui "huduma za uhasibu". Ukimwambia uhasibu anaona kampuni kubwa na mtu wa tai, anapita. Yeye anachokitafuta ni kujua mbona duka linauza kila siku na hela haionekani. Kwa hiyo kila posti ioneshe tundu moja ambalo hela inapitia, na imuachie kitu anachoweza kufanya leo leo bila kukulipa, akishafanya wiki mbili akaona uzito wake ndo atakutafuta. Na tusimtishe na TRA tafadhali. Tangu ule mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023 ukitaja tu kodi watu wanakaza uso, ya kodi nimeiweka wiki ya mwisho na tutaisema kwa upande wa hela anayookoa.

Muda wa kuposti ni saa 8 mchana, wateja wamepungua na mwenye duka kakaa kwenye stuli na simu mkononi. Asubuhi na jioni usihangaike, anauza. Usiku saa 4 ni muda mzuri pia ameshafunga, ila kuanzia Ijumaa tarehe 14 inaanza Euro na saa 4 usiku kuna mechi karibu kila siku, kwa hiyo kuanzia hapo vya usiku tunavisogeza saa 3. Statasi ya WhatsApp ndo duka letu kuu, Instagram tunaweka zile video na tangazo la bei tu.

WIKI YA 1, tarehe 3 hadi 9: hela ya droo

Jumatatu 3, statasi, saa 8 mchana:

"Mwenye duka, jana umeuza shilingi ngapi? Siulizi hela uliyoikuta kwenye droo, nauliza MAUZO. Ile ya droo imeshatoa mboga, imeshatoa nauli ya mtoto, imeshamlipa mtu wa maziwa. Kesho fanya hivi: asubuhi hesabu chenji unayoanza nayo uiandike. Kila hela inayotoka droo iandike hata kama ni 500. Ukifunga, chukua iliyobaki, jumlisha na yote iliyotoka, toa ile chenji ya asubuhi. Hayo ndo mauzo yako ya keshi. Ya lipa namba yaandike pembeni. Keshokutwa nitumie hayo mauzo yako inboksi nikuambie imekaaje."

Watakaotuma hawatakua wengi. Wajibu wote kwa sauti, sio maandishi, mtu akisikia sauti yako anakuamini haraka.

Jumatano 5, video ya dakika moja, Instagram na statasi, saa 4 usiku. Ukae dukani kwa mdogo wako pale nje, droo ionekane. Sema hivi:

"Kila siku unachota elfu tatu ya mboga na elfu mbili ya shule. Elfu tano tu, haiumi. Kwa siku 30 ni laki moja na nusu. Sikuambii usichote, duka ni lako na watoto lazima wale. Nakuambia jilipe mshahara. Kaa chini uamue, mfano laki moja na ishirini kwa mwezi, elfu nne kwa siku, uichukue asubuhi na uiandike, ikiisha imeisha. Mtaji ukiona unapungua hapo ndo utajua haupungui kwa sababu ya nyumbani, tutafute kwingine."

Ijumaa 7, statasi, swali tu, saa 8 mchana: "Hivi kijana wako wa dukani ukisafiri siku tatu, ukirudi unajuaje kauza kiasi gani? Nijibu kwa neno moja: NAJUA au NAKISIA." Wanaojibu NAKISIA waweke kwenye orodha yako ya daftari la kijani, hao tutawarudia wiki ya nne.

Wikiendi hakuna posti.

WIKI YA 2, tarehe 10 hadi 16: madeni, na bajeti katikati

Hii ndo wiki yenye nguvu kuliko zote, kwasababu kila duka la Mbagala lina daftari la madeni na kila mwenye duka linamuuma.

Jumatatu 10, video, saa 4 usiku. Shika daftari tupu, usioneshe la mteja wala jina la mtu hata kwa bahati mbaya, majina ya wadaiwa ni ya watu na sasa hivi tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Sema:

"Hili daftari la madeni wengi tunaandika jina na hela, basi. Mama Juma 4,500. Mama Juma 2,000. Mama Juma tena 7,000. Hamna tarehe, hamna jumla. Chora mistari ugawe safu tano: tarehe, jina, kachukua nini, hela, kalipa lini. Mwisho wa wiki jumlisha mafungu mawili, deni la chini ya siku 30 na deni lililozidi siku 30. Lile lililozidi usilihesabu kama hela uliyonayo unapopanga kununua mzigo. Wengi tunafulia hapo, tunajiona tuna laki nne kumbe laki mbili na nusu iko kwa watu walioshahama mtaa."

Jumanne 11, statasi ya picha: ukurasa uliochorwa zile safu tano kwa mkono wako, picha safi, na maneno haya: "Mchoro huu hapa, upige picha uchore kwako. Ukitaka niliouprinti tayari, kurasa 30, njoo inboksi nakutumia bure." Mwandiko wako uwe ule wa kawaida, daftari la mistari la dukani, sio kitu cha kompyuta, maana mteja akiona kitu anachoweza kukifanya kwa peni yake atakifanya.

Alhamisi 13 ni siku ya bajeti, waziri anaisoma bungeni Dodoma jioni. Usiku ule kila mtu mtandaoni atakua anasema kodi imepanda kodi imeshuka na nusu yao hawajasikiliza. Wewe saa 3 usiku weka hii tu:

"Bajeti imesomwa leo. Yaliyosemwa bado ni mapendekezo mpaka bunge lipitishe sheria ya fedha, kwa kawaida yanaanza kutumika tarehe 1 Julai. Mwenye duka usibadilishe bei wala usiache kulipa kitu kwa sababu ya meseji ya kutumiwa kwenye grupu. Mimi nasubiri sheria yenyewe, ikitoka nitawaambia kinachogusa duka la rejareja, kimoja kimoja."

Hapa usikubali kishawishi cha kuchambua usiku huo huo. Nitafurahi watu wakikujua kwamba wewe unasema ukishahakikisha.

Jumamosi 15, statasi, saa 8 mchana: "Eid iko mlangoni na mzigo wa sikukuu umeingia. Uandike peke yake. Mchele, mafuta, viungo, nguo kama unauza, umenunua kwa ngapi na kilobaki kingapi siku ya tatu ya sikukuu. Mwakani utajua uongeze nini."

WIKI YA 3, tarehe 17 hadi 23: faida

Jumatatu 17, au 16 kutegemea mwezi, weka salamu ya Eid na picha yako, usiuze chochote. Jumanne pia pumzika.

Jumatano 19, video ya sembe, saa 3 usiku. Hii uirekodi mapema kabla ya sikukuu, na mfuko wenyewe uwe mbele yako na mizani:

"Mfuko wa kilo 25 nimenunua 35,000. Nauza kilo 1,600. Ishirini na tano mara 1,600 ni 40,000, nimepata faida 5,000. Subiri kwanza. Bajaji imeuleta kwa 1,000. Vifungashio 500. Na kwenye kupima kilo kilo, kidogo kidogo, mfuko haujawahi kunitolea kilo 25, nimeuza 24, hapo imeondoka 1,600. Faida ni 1,900. Kama na wewe umechota ya mboga 3,000 kwenye huo mfuko, umekula mtaji."

Taja kabisa kwamba bei ni za mfano, kila mtu aweke za kwake, la sivyo watakuja kubishana bei ya sembe badala ya kusikiliza.

Ijumaa 21, ushuhuda wa yule mama wa vipodozi wa Rangi Tatu. Muombe ruhusa kwanza, akikubali aseme mwenyewe kwa sauti sekunde 40 bila jina la duka, akisita weka haya maandishi umsomee ayakubali: "Nilianza na mama mmoja wa vipodozi mwezi wa kwanza. Tulipojumlisha madeni yalikua 412,000, kati ya hayo 265,000 yamezidi mwezi. Hakugombana na mtu, alisimamisha kukopesha wale wa zamani tu mpaka wapunguze. Sasa hivi ananunua mzigo kwa keshi yake." Usiongeze chumvi.

WIKI YA 4, tarehe 24 hadi 30: kodi, halafu tunauza

Jumatatu 24, video, saa 3 usiku. Asubuhi yake fungua jedwali la TRA uhakikishe namba hazijabadilika.

"Duka lenye mauzo chini ya milioni 100 kwa mwaka linalipa kodi ya mapato kwa makadirio. Tuchukue mwenye mauzo ya milioni 10. Akiwa hana kumbukumbu kodi yake ni 250,000. Akiwa na kumbukumbu ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, yaani asilimia 3 ya milioni 3 ambayo ni 90,000, jumla 180,000. Duka ni lile lile na mauzo ni yale yale. Daftari limembakizia 70,000."

Wakiuliza mashine ya EFD, jibu kwamba mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka inamhusu. Wakiomba uwawakilishe TRA kataa kwa heshima, kazi hiyo ni ya mshauri wa kodi aliyesajiliwa, wewe unatunza vitabu.

Jumatano 26, statasi, saa 8 mchana: "Awamu ya pili ya kodi mwisho ni tarehe 30 Juni, na mwaka huu imeangukia Jumapili. Lipa kabla ya Ijumaa, utunze risiti kwenye faili moja na za mwezi wa tatu. Kumbukumbu za biashara zinatakiwa zikae miaka 5, usifungie maandazi."

Alhamisi 27, hapa ndo tunataja bei, statasi na Instagram:

"Natunza vitabu vya maduka Mbagala, Rangi Tatu, Zakhem na Mtoni. Nakuja dukani mara moja kwa wiki, naandika mauzo, manunuzi, madeni na hela ya droo, mwisho wa mwezi tunakaa dakika 30 nakuonesha faida yako kwenye karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida. Shilingi 60,000 kwa mwezi kwa duka moja. Julai nachukua maduka matano tu kwasababu nakuja mwenyewe. Andika neno DUKA inboksi."

Ijumaa 28 hakuna posti. Chukua lile daftari la kijani, wapigie wote waliojibu NAKISIA, saa 8 mchana, mmoja mmoja. Anza na "ulinijibu kuhusu kijana wa dukani, imekaaje siku hizi?" na umuache aongee, bei usiitaje mpaka aulize.

Jumapili 30 jioni tuonane kwa mama, uje na idadi ya waliotuma mauzo wiki ya kwanza, walioomba kurasa za madeni, na walioandika DUKA. Hizo tatu tu, laiki sizitaki, halafu tupange Julai na Sabasaba.