Maelezo ya mradi: vichanja vya kuanikia mwani, stoo na mashine ya kusaga, Jambiani

Mlipotuita kwenye presentesheni ya kuomba pesa za mradi huu tulikuwa na dakika kumi na slaidi 11, na slaidi ya tatu ilikuwa picha tu haina neno hata moja. Aliyeonekana pale ni mwenzetu, mama wa wajukuu sita, ameinama anapekua mwani uliotandazwa mchangani, nyuma yake wingu jeusi linakuja kutoka baharini. Mlicheka kidogo mana alikuwa na kanga kichwani na ndala moja tu mguuni (nyingine alikuwa kampa mjukuu akimbie kuita watu). Picha ile ndo mradi wenyewe, sasa tunaieleza kwa maneno.

Sisi ni kikundi cha watu 26, wanawake 24 na wanaume wawili, tunalima mwani hapa Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja. Pwani hii na ya Paje ndiko kilimo cha mwani wa kuuza nje kilikoanza Zanzibar mwaka 1989, kwaiyo wengine kati yetu tumefunga kamba hizi tangu tukiwa wasichana. Tunashuka pwani siku za bamvu, maji yakitoka mbali, tunapiga vigingi, tunatandika kamba tunafunga mbegu kwa vikamba vya taitai, baada ya wiki sita hivi tunavuna. Mwani mbichi kilo saba nane ukikauka unabaki kilo moja. Yaani mtu kabeba mzigo wa kuvunja mgongo kutoka kwenye maji ya magoti, na anacholipwa ni ile moja.

Na hiyo moja ndo tunaipoteza nchi kavu. Hatuna pa kuanika, tunaanika chini, mchangani na kwenye majani ya mnazi. Jua likiwaka vizuri ni siku mbili tatu umekauka, ila masika au mvua za vuli zikiukuta mwani nusu kavu unapauka, unatoa maji ya chumvi, ukizidi unaoza. Usipooza una mchanga, mbuzi wameupita, mnunuzi anaushika anausugua kiganjani anasema huu wa daraja la chini. Kwenye presentesheni tulisema "hasara kubwa" na mjumbe mmoja akauliza kubwa kiasi gani, tukababaika. Sasa tumefungua daftari. Mwaka uliopita tuliuza kilo 9,400 kavu. Kati ya hizo 1,850 zililipwa shilingi 400 badala ya 700, hapo zimekwenda 555,000. Alafu kilo 600 hivi zilitupwa kabisa, ni 420,000 nyingine. Jumla shilingi 975,000. Kwa kweli sisi wenyewe tulidhani ni zaidi ya hapo, lakini daftari ndo linavyosema, na ile slaidi iliyoandikwa kipato kitapanda maradufu tunaomba muifute, iliandikwa na kijana aliyetusaidia kutengeneza slaidi na sisi tukaipenda tukaiacha.

Tunachoomba ni vichanja 14, kila kimoja mita 10 kwa mita moja na nusu, kimo cha kiunoni ili mtu asiiname. Boriti ni za mvinje, sio mikoko, juu tunatandika nyavu kuukuu za wavuvi hewa ipite chini na juu, na kila kichanja kina turubai lake limekunjwa pembeni. Wingu likija watu wawili wanafunika kichanja kizima kwa dakika moja, leo hii tunakimbizana watu kumi kukusanya na bado nusu inalowa. Cha pili ni stoo ya mita 6 kwa 4 yenye sakafu iliyoinuliwa, mana mwani mkavu unavuta unyevu, ukiuweka chumbani kwa mtu baada ya mwezi umelainika, ndo mana sa hivi tunauza siku hiyohiyo kwa bei yoyote anayotaja aliyekuja na gari. Cha tatu mashine ndogo ya kusaga.

Mashine inahitaji maelezo kidogo, kwenye slaidi ilipita haraka. Tunatengeneza sabuni za mwani vipande 60 kwa mwezi, tunauza 3,000 kwa wageni na maduka ya karibu, gharama ni kama 1,700, faida 1,300. Hatuzidishi sio kwa kukosa wateja. Unga tunautwanga kwa kinu, asubuhi nzima unapata bakuli, na mwani wa kusaga lazima uwe safi, punje ya mchanga ikiingia kwenye sabuni inamkwaruza mtu harudi tena. Kwaiyo vichanja vinakuja kwanza, mashine baadae. Tukifika vipande 200 kwa mwezi faida ni 260,000 badala ya 78,000 za sasa, nyongeza ya 2,184,000 kwa mwaka. Hatutafika mwaka wa kwanza, tunapanga mwaka wa pili.

Mtauliza kwanini hatuombi tena boti tukalime mwani wa kotonii kwenye maji marefu, bei yake ni nzuri kushinda mwani wa spinosamu. Ni kweli. Lakini kotonii imekuwa ikitufia pwani, maji yakipata joto wakati wa kaskazi inashikwa na ugonjwa wa ais-ais, matawi yanapauka yanakatika, na kwenye kina kirefu wengi wetu hatujui kuogelea. Boti ilikuwemo kwenye bajeti ya slaidi, tumeitoa. Kwanza tuokoe tunachovuna tayari.

Bajeti basi imeshuka kutoka milioni 18 tulizowaonyesha. Vichanja 14 kwa 185,000 ni 2,590,000, maturubai 14 kwa 30,000 ni 420,000, stoo 5,400,000, mashine 1,900,000, jumla 10,310,000. Kikundi kinatoa 1,200,000, ambapo 700,000 ni taslimu kutoka mfuko wa hisa na zilizobaki ni kazi ya mikono, kuchimba mashimo na kubeba mawe. Tunaomba 9,110,000. Tukiokoa robo tatu ya hasara ya mvua na sabuni ikifika tulipotaja, pesa hiyo inarudi kwa miaka mitatu na kidogo baada ya sabuni kusimama.

Eneo ni swali lililotutoa jasho siku ile. Zamani tulianika popote ufukweni, sasa hoteli zimejaa na tumeshafukuzwa sehemu mbili, eti harufu inasumbua wageni. Baada ya presentesheni tulikwenda kwa sheha, tumepewa barua ya kutumia kiwanja kilicho nyuma ya makazi, mwendo wa dakika nane kutoka pwani. Ni mbali kidogo na kubeba mwani mbichi dakika nane sio mchezo, tumekubaliana wanaume wawili wa kikundi na rikwama yao ndo watakuwa wanapandisha, kwa malipo ya 50 kwa kilo kavu yatakayotoka kwenye mauzo. Nakala ya barua tumeambatanisha.

Kazi tunaianza mwezi wa 6, masika yamekatika, ili vuli ikija vichanja vyote vimesimama. Stoo itachukua miezi miwili, fundi ni wa hapahapa. Mtakapotaka kujua kinaendeleaje msisubiri ripoti tu, kila bamvu tunapima mwani kwa mizani mbele ya wanachama na katibu anaandika safu tatu, kilo zilizoanikwa, kilo zilizouzwa bei kamili, kilo zilizoshushwa daraja. Safu ya tatu mwaka jana ilikuwa 1,850. Mwisho wa mwaka wa kwanza tunataka isizidi 500, na ikizidi tutawaandikia mvua ilitukuta wapi.