Shangazi, fuata hivi kusafisha picha ya babu

Shikamoo shangazi. Faili la picha ya babu limenifikia, ila simu yangu inagoma kulifungua. Ni `.tif`, na kila ninapoligusa naletewa kioo cheupe. Kompyuta nimeiacha Dodoma na sitarudi kabla ya Jumapili, wakati khitma ni Ijumaa. Kwa hiyo mikono itakuwa yako, mimi nitakuelekeza tu. Nimeitazama vizuri ile picha uliyopiga kioo cha kompyuta: kuna umanjano, picha imelalia kushoto, na mkunjo umeshuka kutoka kwenye kofia hadi kwenye kola, ukipita kando ya jicho. Ukikosea popote, bonyeza `Ctrl+Z`, kosa linafutika.

Kwanza fungua faili kwenye GIMP kwa `File > Open`, kisha hapohapo bonyeza `Ctrl+S` na ulipe jina `babu.xcf`. Faili la skana libaki kama lilivyo, tusiliguse.

Kunyoosha: bonyeza `Shift+M`. Nyuma ya babu kuna ukingo wa meza ya studio. Bofya mwanzo wa ukingo huo, vuta mausi hadi mwisho wake, achia, kisha bonyeza `Straighten`. Pembe zitabaki na mapengo, zisikushughulishe. Bonyeza `Shift+C`, weka alama kwenye `Fixed`, chagua `Aspect ratio`, na uandike `4:5`. Chora kisanduku kinachoacha mapengo nje, kisha `Enter`. Kipimo hicho ndicho kinachoingia kwenye fremu ya inchi 8 kwa 10.

Umanjano ni mwepesi kwa sababu picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nenda `Colors > Desaturate > Desaturate...`, chagua `Luminance`, `OK`. Kisha `Colors > Levels...`. Utaona kilima cheusi na pembetatu tatu chini yake. Ile nyeusi ya kushoto isogeze hadi kilima kinapoanzia, na nyeupe ya kulia hadi kinapoishia. Ya katikati iache. Tazama kanzu: mikunjo ya kitambaa ikianza kupotea kwenye weupe, umevuta kupita kiasi, rudisha kidogo.

Sasa mkunjo. Hapa ndipo penye kazi, tenga saa nzima na usifanye ukiwa umechoka. Bonyeza `Shift+Ctrl+D` upate nakala ya picha juu ya ile ya kwanza. Bonyeza `H` kuchukua `Heal`, chagua brashi `2. Hardness 075`, na bonyeza `1` ili uione picha kwa ukubwa wake halisi. Kwa `[` na `]` punguza au ongeza brashi mpaka iwe pana kidogo tu kuliko ufa. Shikilia `Ctrl` ubofye ngozi nzima iliyo jirani kabisa na ufa, achia `Ctrl`, kisha gusa ufa kidogokidogo. Usiburuze mstari mrefu kwa mkupuo. Baada ya kila miguso michache chukua ngozi nyingine kwa `Ctrl`, la sivyo shavu litajaa viraka vinavyofanana na kila mtu ataona.

Kwenye ukingo wa kofia na kwenye nyusi, `Heal` itakuletea uchafu wa kijivu, kwa kuwa inachanganya weusi na weupe vilivyo karibu. Hapo bonyeza `C` utumie `Clone`. Namna ya kushika ni ileile, ila yenyewe inanakili tu bila kuchanganya. Kwenye jicho nakuomba uguse ufa wenyewe tu. Mboni na kope usiziguse hata kama zina vumbi. Na lile kovu dogo la kidevuni liache, shangazi. Si doa la karatasi, ndiye babu mwenyewe.

Kila baada ya dakika kadhaa bofya alama ya jicho kwenye `Layers` uifiche nakala na kuirudisha, ulinganishe. Ukihisi sura imekuwa ya mtu mwingine, rudi nyuma.

Ukimaliza, `Ctrl+S` tena, halafu `Shift+Ctrl+E`, andika `babu.jpg`, `Export`, weka `Quality` 95. Usiikuze kwa `Scale Image`. Picha ya ukubwa wa postikadi uliyoiskani kwa dpi 600 inatosha kabisa kwa fremu ile, na kuikuza kutaifanya laini tu.

Nitumie hiyo `babu.jpg` kwa WhatsApp kama dokyumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida itabanwa. Hiyo, simu yangu inaifungua. Nitatazama jicho na kola usiku huu, na nikiona pa kurudia nitakuandikia kabla hujaipeleka kuchapishwa kesho.