Wa kike wanne

Hii ilikuwa siku ya tatu ya sensa, Agosti 2022, huku Kongwa, jua linawaka na vumbi lile la kiangazi usiombe. Nilishamaliza kaya sita toka asubuhi, dodoso refu lina maswali mia kwahiyo ukifika kaya ya saba ulimi umekauka na wenyewe wanakuona kama askari kanzu.

Mwenyekiti wa kitongoji akanipeleka kwa mama mmoja, anapura mtama uani. Nikampa shikamoo, akaitika huku anavuta kigoda, karibu mwanangu kaa hapa kwenye kivuli. Mzee mwenye kaya alikuwa ameenda kunywesha ng'ombe ila alilala nyumbani usiku ule wa kuamkia tarehe 23, kwahiyo hapo hapakuwa na shida. Shida zilikuwa nyumba ya jirani, mzee ana wake wawili na kila mke anasema usiku ule alilala kwangu, hiyo nitasimulia siku nyingine.

Majina, umri, shule, vyote vikaenda fresh. Tukafika uzazi.

"Mama, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Saba. Wa kiume watatu, wa kike wanne." Hata hakufikiria.

"Wa kiume unaoishi nao hapa?" Wawili. "Walio kwingine?" Mmoja, yuko Dar anaendesha bodaboda. "Waliofariki?" Hakuna. Safi. Wa kike sasa, hapa wawili, kwingine mmoja kaolewa Gairo, waliofariki hakuna.

Kishikwambi kikagoma, kinaniambia jumla haiendani. Nikarudia taratibu nikijua kakosea hesabu, wawili na mmoja ni watatu mama, na umesema wanne. Mwenyekiti akacheka, "mama leo hesabu zimekupiga chenga." Yeye hakucheka. Akaanza kuokota punje za mtama zilizorukia pembeni, moja moja, anazirudisha kwenye turubai.

Hapo ndo nikashtuka. Nikamwambia mwenyekiti naomba nitangulizie taarifa kaya inayofuata wasije wakaondoka, akaelewa akasepa.

Tukakaa kimya. Halafu yeye ndo akaniuliza mimi.

"Mwanangu, aliyelia mara moja tu, huyo alizaliwa hai au hakuzaliwa?"

Jamani. Semina tulikaa siku kibao, tumefundishwa kukadiria umri wa wazee kwa Uhuru na vita vya Kagera, tumefundishwa kaya ni wanaokula chungu kimoja, na hili pia lilikuwepo, kwenye kitabu cha maelekezo imeandikwa mtoto akilia au akipumua hata kidogo basi amezaliwa hai. Nakumbuka niliipigia mstari. Ila pale mdomo haukufunguka maana nikijibu ndio, swali linalofuata ni mimi kumtaja kwenye kisanduku cha waliofariki, na mama kashasema hakuna.

"Alizaliwa hai mama," nikasema mwisho wake. "Kama alilia, alizaliwa."

"Mama mkwe alisema mtoto ambaye hajatolewa nje haulizwi. Tukamzika alfajiri, hata jina hana. Miaka kumi na minne hii watu wakiniuliza nasema sita. Leo sijui imekuwaje, umeuliza na saba ikatoka yenyewe."

"Pole sana mama."

"Nishapoa." Akafuta mikono kwenye khanga. "Ukiuliza waliofariki mimi nawaza mtu aliyeishi, watu wakamjua, wakaja msibani. Yule nilimjua mimi na mkunga tu."

Nikamwambia naweza kuacha sita kama anataka, na hapo najua kabisa sitakiwi kusema hivyo, msimamizi angenisikia kazi ingeisha palepale. Akaniangalia.

"Si umesema alizaliwa?"

"Ndio."

"Basi muandike."

Nikabonyeza 1. Kishikwambi kikakubali, ukurasa ukafunguka.

Mzee akaingia na ng'ombe zake, fimbo begani, tukasalimiana akachungulia kioo. "Mmefika kwa watoto? Sita hao, umeandika?"

Mama alishainama kwenye mtama wake. Mimi tulikula kiapo cha kutunza siri na siku ile nilikiona kama mbwembwe tu za serikali.

"Nimeandika alivyosema mama, mzee wangu."

Akanitazama, akamtazama mkewe, muda ukapita. Kisha akaegemeza fimbo ukutani akakaa chini kabisa pale kwenye turubai, pembeni ya mkewe, akaanza kuokota punje na yeye.

"Haya endelea," akasema.

Nikasoma linalofuata. "Paa la nyumba kubwa limeezekwa kwa nini?"

"Bati," mama akajibu. "Ila jikoni ni nyasi."