Mhadhara wa tatu: Mofimu si silabi

Wiki iliyopita nilikupeni neno *hawajatuanikia* mlichambue. Wengi mlileta *ha-wa-ja-tu-a-ni-ki-a*, vipande 8. Mmekata vizuri, lakini hizo ni silabi. Mmoja akaongeza kwamba *-ni-* ni nafsi ya kwanza na *-ki-* ni ngeli ya KI-VI. Nimeona jinsi alivyofikiri, kwani viambishi hivyo vipo kweli katika Kiswahili. Humu havimo. Leo tulirudie taratibu, maana kosa hili likiachwa litatufuata mwaka mzima.

Mofimu ni kipashio kidogo kabisa chenye maana au kazi ya kisarufi, na hupatikana kwa kulinganisha maneno. Chukueni *hamjatuanikia*: kilichobadilika ni *wa* na *m* tu, basi hapo pana mpaka wa kiima. Chukueni *wametuanikia*: *ha-* ya ukanushi imeondoka, na *ja* imepisha *me*. Chukueni *hawajaanika*: *tu* ya yambwa haipo, na *i* iliyoonesha kwamba kazi ilikuwa ya kufanyiwa sisi haipo pia. Tunabaki na:

ha-wa-ja-tu-anik-i-a

Mofimu 7. Zile *ni* na *ki* za mwenzetu zimekatwa kutoka ndani ya mzizi *-anik-*.

Lakini je, *-anik-* nao haukatiki? Aliyekulia Pemba anajua: karafuu huanikwa juu ya majamvi, na wingu likitanda huanuliwa mbio. *Anika, anua. Funika, funua. Bandika, bandua. Tandika, tandua.* Jozi zote hizi zina *-ik-* upande mmoja na *-u-* upande wa pili, na *-u-* hugeuza tendo lililofanywa. Kihistoria, basi, mzizi ni *-an-*, ingawa leo hakuna asemaye *ana* kwa maana hiyo. Katika uchambuzi wa Kiswahili cha sasa mimi huacha *-anik-* kuwa kipande kimoja. Atakayeikata nitampa alama, mradi alete jozi kama hizo.

Tuje kwenye nomino. *Mkarafuu* na *mchumaji* zote zinaanza na *m-*. Ni mofimu moja? Wingi unajibu: *mikarafuu*, *wachumaji*. Upatanisho nao unajibu: *mkarafuu umeanguka*, *mchumaji ameanguka*. Umbo ni moja, mofimu ni mbili: ngeli ya 3 na ngeli ya 1, kwa nambari zilizoanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19. Tazameni pia kwamba *karafuu* limetoka Kiarabu, na bado limekubali *m-* ya miti kama *mnazi* na *mchungwa*. Kiambishi ngeli, basi, huunda neno jipya. Hakikai pale kuhesabu umoja na wingi tu. *Tumbatu* ni kisiwa, *Mtumbatu* ni mtu wake, *Kitumbatu* ni lahaja yake.

Upande wa pili, mofimu moja huweza kuwa na maumbo mengi, nayo ndiyo alomofu. *Ki-* ya *kisu* huwa *ch-* mbele ya irabu: *chakula, chungu*, na wingi wake *vyakula, vyungu*. Mtaniuliza: mbona *kiatu*, si *chatu*? Wakikuyu husema *kĩratũ*. Palikuwa na konsonanti katikati, Kiswahili kikaidondosha, na *ki-* ikabaki kama ilivyokuwa. Kauli ya kutendea nayo ni *-i-* katika *anikia, chumia, pikia*, na *-e-* katika *oshea, somea*. Inafuata irabu ya mzizi.

Pengine mofimu mbili huyeyuka pamoja. *Hatujaanika, hamjaanika*, lakini *sijaanika*: *si-* imebeba ukanushi na nafsi ya kwanza kwa mpigo, na hakuna pa kupitisha kisu. Nyumbani husema *mama kaanika*. *Ka-* hiyo imebeba nafsi ya tatu umoja pamoja na hali timilifu. Msiandike kwamba ni kosa. Ni data, na sisi wa visiwani tumekaa juu yake.

Neno moja ninalolipenda kuliko yote: *uchumi*. Mzizi ni *-chum-*, uleule wa kuchuma karafuu, na wa kuchuma mali. *M-chum-aji* hupanda mkarafuu. *M-chum-i* husomea fedha za nchi. Kilichowatenganisha ni *-aji* na *-i*, viambishi tamati viwili vya kuundia nomino.

Kwa Jumatano ijayo chambueni: *haukuchumwa, vyungu, sijaanua, ndimi, wametandua, Kipemba*. Kila mnapokata, andikeni pembeni neno la pili linalothibitisha mkato huo. Mkato usio na ushahidi sitausahihisha. Kwa *ndimi* anzeni na *ulimi*, kisha itazameni *ndefu* mkiwa na *-refu* mkononi.