Muhtasari wa Kozi ya Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili, Mwaka wa Kwanza

Kozi hii ya wiki 15 inaanza na tanzu za fasihi simulizi, kisha inaingia kwenye ushairi, riwaya na tamthiliya; riwaya ndiyo iliyopewa nafasi kubwa zaidi, kuanzia wiki ya 7 hadi ya 11. Kila wiki kuna mihadhara 2 na semina 1, mbali na saa 5 hivi za kujisomea, na wiki ya 8, inayokutanisha jaribio na uwasilishaji wa kikundi, ndiyo nzito kuliko zote.

Jaribio lina asilimia 15, insha 15, uwasilishaji 10 na mtihani wa mwisho 60. Zingatia sharti lililofichika ukurasa wa mwisho: asiyefikisha alama 16 kati ya zile 40 za muhula haruhusiwi kuingia kwenye mtihani.

Vitabu vya lazima ni Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971) na Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inayohusu Vita vya Maji Maji. Ni vyema uanze na Rosa Mistika mapema, kwa kuwa insha ya wiki ya 10 inaihusu na maktaba ina nakala 4 tu, zinazosomewa humohumo.