Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu Afisa Ushirika wa Jiji, wajumbe wa bodi, ndugu wanachama, asalaam alaykum. Ushirika oyee!

Hesabu za mwaka zimekaguliwa, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotutaka. Mna nakala mkononi, kwa hiyo sitazisoma zote.

Wanachama sasa ni 214, kutoka 198. Kituo chetu hapa Pongwe kimepokea lita 186,400 za maziwa, na kila lita tumewalipa shilingi 900. Kiwandani tumeuza kwa 1,050. Baada ya gharama zote, ziada ni shilingi 5,350,000. Najua mlitarajia zaidi, nami nilitarajia.

Niseme la tangi kabla halijaulizwa. Mwezi wa nne, mvua za masika zilikata barabara na gari la kiwanda halikufika siku mbili. Usiku wa pili umeme ukakatika, na jenereta halikuwa na dizeli. Hilo ni letu sisi bodi, halina mwingine wa kumsingizia. Alfajiri mpimaji alitia maziwa kidogo kwenye spiriti, yakakatika palepale, mabongemabonge. Akarudia mara tatu, maskini, kana kwamba yangebadilika. Tukamwaga lita 1,140. Wenyewe walishayakabidhi yakiwa mazima, kwa hiyo tuliwalipa wote. Hasara ikabaki kwa chama, shilingi 1,197,000 kwa bei ya kiwandani. Tangu siku hiyo madumu mawili ya dizeli hayatoki stoo bila saini ya meneja.

La pili halina utamu. Wanachama 19 wanadaiwa shilingi 2,870,000 za pumba na mashudu. Utaratibu mnaujua: unachukua chakula cha ng'ombe, tunakata kwenye maziwa. Sasa mtu anabeba magunia matatu, halafu maziwa ya jioni anampa wa pikipiki kwa fedha taslimu, sisi anatuletea lita mbili za asubuhi tukate nini? Majina sitayataja hapa, baadhi yenu mmekaa na wake zenu. Lakini kuanzia mwezi ujao, mwenye deni la zaidi ya siku 60 hapewi gunia jingine, hata akiwa mjomba wangu. Na mjomba yumo.

Bodi inaomba jambo moja. Ziada hii tusigawane. Tukigawa, kwa wastani kila mtu anaondoka na shilingi 25,000, na masika mengine yanakuja tukiwa na jenereta lile lile bovu. Tunapendekeza shilingi milioni 4 zinunue jenereta jipya linalojiwasha lenyewe umeme ukikatika, zinazobaki ziingie kwenye akiba ya chama. Uamuzi ni wenu, mkikataa, tutagawa.

Bi mhazini, karibu utusomee mizania, ukurasa wa 4. Baada yake ni maswali, na la tangi naomba niulizwe mimi, si mpimaji.