Karata ya Sasa: Mbili ya Panga

Rehema mdogo wangu,

Nimekupangia karata tatu za tarot kama ulivyotaka: iliyopita, ya sasa na ya mbele. Uliandika, "Dada, niambie tu nibaki Doha au nirudi Mombasa, nimechoka kufikiri." Nitakusomea kila kilichotoka, lakini unanijua, mimi si mpiga ramli na ya ghaibu siyasemi. Nasoma picha, kisha naiweka kando ya maneno yako mwenyewe.

Iliyopita ni Sita ya Panga. Mwanamke amejitanda, mtoto yuko ubavuni mwake, mvushaji anasukuma mashua kwa upondo na panga sita zimesimama chomboni mbele yao. Safari yako hiyo, haina haja ya maelezo. Kitu kimoja tu: wewe mwana ulimwacha Kisauni kwa mama, na karata imempakia chomboni pamoja nawe. Hukuwahi kuondoka mzimamzima. Tuipite.

Ya sasa ndiyo iliyonikalisha. Mbili ya Panga, tena imetoka wima. Mimi natumia zile karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith huko London mwaka 1909, na picha nimekutumia pamoja na ujumbe huu. Itazame vizuri kabla hujaendelea.

Mwanamke ameketi kwenye kiti cha mawe, uso umetuelekea sisi, bahari iko mgongoni. Macho yamefungwa kitambaa. Mikono ameipishanisha kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu uliopanda juu mpaka ukingo wa karata. Mwezi mwembamba uko juu yake. Hakuna mtu mwingine. Mara nyingi watu huiona karata hii wakadhani amekamatwa. Hapana. Mfungwa hapewi panga mbili. Kamba haipo, mlinzi hayupo, na mimi sioni sababu ya kudhani kitambaa kile kafungwa na mtu.

Wewe umemwambia meneja wako, "Nitakujibu wiki ijayo," na wiki hiyo imeshapita. Mama umemwambia, "Inshallah." Mtoto akikuuliza unakuja lini, unamuuliza yeye habari za shule. Kila mmoja umemjibu, na hakuna aliyepata jibu. Huko ndiko kupishanisha mikono. Upanga mmoja unamzuia meneja, wa pili unamzuia mama, na kifua kimefunikwa katikati asikufikie yeyote.

Sikusomei haya kukulaumu. Waliozifunga karata hizi na nyota waliipa hii mwezi ulio katika Mizani, na jina lake la kale lina neno amani ndani yake. Nami nakubali, ni amani kweli, ila ni amani ya watu waliosimamisha vita huku silaha bado wamezishika. Ulipofiwa na baba mwaka juzi ulihitaji amani ya namna hiyo. Kama ungeamua jambo kubwa siku zile, ungeamua kwa machozi. Kwa hiyo kitambaa hicho kilikufaa, na sitaki ukione ni ujinga. Shida ni kwamba msiba umepoa nacho bado kipo usoni.

Sasa sikia hili, maana hapa ndipo nilipochukua ujumbe wako nikausoma mara ya pili. Panga ni familia ya akili na maneno (shupaza, wewe ungesema). Kuhusu kubaki umeniandikia hesabu: mshahara, karo, awamu za kiwanja cha Mtwapa, hata kiinua mgongo umenihesabia, wiki tatu za mshahara kwa kila mwaka. Kuhusu kurudi hukuniandikia hesabu hata moja. Umeniandikia sauti ya mtoto inavyokuwa nzito kwenye simu, na kwamba mama siku hizi hashuki ngazi bila kushika ukuta. Mtu anayeandika hivyo hakosi habari. Habari unazo zote. Unachokosa ni mahali pa kuziweka pamoja, kwa sababu hesabu umezishika mkono mmoja na watu umewashika mkono wa pili, na umehakikisha havikutani.

Ndiyo maana sikuamini unaposema huwezi kuchagua. Unaloogopa kuliona, kwa usomaji wangu, ni lile utakalolipoteza kwa vyovyote. Ukibaki, mtoto atakuwa kijana ukimtazama kwenye kioo cha simu. Ukirudi, utakuwa mtu wa Kisauni asiye na mshahara wa Doha, na wapo watakaokuuliza ulileta nini. Yote mawili yanauma. Kitambaa hakikuondolei maumivu hayo, kinakuzuia usijue ni lipi unaloweza kuishi nalo.

Tazama tena bahari mgongoni pake. Imetulia, na miamba imejitokeza. Mimi mtoto wa pwani naisoma kuwa maji yamekupwa. Wakati huu ndio nahodha anaouona mwamba ulipo na mlango ulipo. Yakijaa, juu panapendeza na chini hapajulikani. Kwako maji yamekupwa sasa: mkataba uko mezani, mama bado ana nguvu za kusema anachotaka, mtoto bado anauliza. Na mwanamke huyu amekipa kisogo kitu pekee kwenye picha ambacho kingemsaidia.

Ya mbele imetoka Gurudumu la Bahati, na hapa nitakuvunja moyo kidogo: halikusema Doha wala Mombasa. Juu ya gurudumu ameketi kiumbe mwenye mwili wa simba na uso wa mtu, naye ameshika upanga. Nilipoiweka kando ya karata yako nilicheka peke yangu, kwa sababu panga zako mbili zimekuwa moja, na aliyeushika si wewe. Naisoma wazi kabisa: ukiendelea hivi, jambo litaamuliwa. Meneja atampa nafasi yako mtu mwingine, au mkataba utaongezwa kwa sababu ya kimya chako, au simu itakuja kutoka nyumbani usiku, upande ndege kwa haraka bila kumuaga mtu. Utabaki au utarudi, lakini utakuwa umepelekwa.

Usinitumie tena swali la "nibaki au nirudi". Sitalipangia karata, maana ukiniuliza mara tatu utapata majibu matatu na utachagua lile linalokuruhusu kungoja. Swali nitakalolipangia ni jingine: "Nikirudi, nini kinanitisha zaidi ya pesa?" Au ukipenda upande wa pili: "Nikibaki, nambakishia nani mzigo?" Chagua mojawapo. Huo nao ni uamuzi, mdogo.

Na kabla ya hapo fanya jambo moja lisilohusu karata. Mpigie mama, muulize anataka nini yeye. Si anachofikiri ni bora kwako. Umeniandikia mara nne kwamba mama "atataka" urudi, na hakuna hata mara moja uliyosema kwamba umemuuliza. Huenda akakushangaza. Mama yako nimekaa naye barazani, si mtu wa kuogopa kusema.

Meneja umesema anataka jibu kabla ya tarehe 30. Mpe jibu tarehe 28, liwe lolote. Kama ni la kuondoka, kumbuka umeshapita miaka miwili hapo kwa hiyo notisi yako ni miezi miwili, usiahidi nyumbani kwamba Idd utakuwepo kabla hujahesabu.

Usiku wa leo niandikie mambo mawili tu: deni la kiwanja limebaki shilingi ngapi, na mtoto alikuuliza nini mara ya mwisho ukamkwepa.

Dada yako